Tyubu mbili, jina moja: uchambuzi wa kisa cha sampuli zilizopishana wodi ya wazazi

Kisa hiki kilitokea kwenye hospitali moja ya mkoa nchini Tanzania. Namba za vitanda, namba za maabara na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kufuatilia tukio kama msimamizi wa ubora wa maabara, kwa hiyo ninayoyaeleza nimeyatoa kwenye fomu zenyewe, kwenye kumbukumbu za mfumo wa kompyuta, na kwenye mazungumzo na wote waliokuwa zamu usiku ule. Hakuna aliyekuwa mzembe. Nawaomba wasomaji wa wodini na wa maabara mkisome mkilijua hilo.

## Usuli

Maabara yetu inatumia mfumo wa kompyuta wa kutunza taarifa za sampuli. Wodini hakuna printa ya lebo. Daktari anajaza fomu ya maombi ya vipimo kwa mkono, muuguzi anachukua damu na kuandika tyubu kwa kalamu, kisha sampuli na fomu vinaletwa kaunta ya kupokea sampuli. Mpokeaji anasajili fomu kwenye mfumo, mfumo unatoa namba ya maabara, printa inachapa lebo yenye msimbopau, naye anaibandika kwenye tyubu. Kuanzia hapo kila mashine na kila mteknolojia anaitambua sampuli kwa namba hiyo tu. Ukiskani, jina linakuja lenyewe kwenye skrini.

Usiku huo kazi ya kuchukua damu wodi ya wazazi ilikuwa ya muuguzi mmoja mwenye uzoefu mkubwa na mwanafunzi mmoja. Kulikuwa na akina mama wanne wa kuchukuliwa damu. Wawili kati yao walikuwa na jina la kwanza moja na jina la ukoo moja. Walitofautiana jina la kati tu, yaani la baba.

Mama wa kitanda 7 alilazwa kwa ajili ya upasuaji wa kujifungua uliopangwa asubuhi. Hakuwa na malalamiko yoyote. Alikuwa amepimwa kliniki wiki mbili nyuma: wingi wa damu gramu 11.2 kwa desilita, kundi O chanya.

Mama wa kitanda 9 aliingia jioni ile kwa dharura, mimba ya wiki 32, anatoka damu kwa sababu kondo la nyuma lilikuwa limetangulia mbele ya mtoto. Yeye naye alishawahi kupimwa kwetu wiki tatu kabla: wingi wa damu 8.9, kundi B chanya. Hilo hatukulijua mpaka usiku ulipokaribia kuisha, na sababu ya kutolijua ni sehemu kubwa ya kisa hiki.

## Fomu zilivyojazwa

Nitakaa hapa kidogo, kwa kuwa karibu kila kilichotokea baadaye kilikuwa tayari kimeandikwa, au kimeachwa wazi, kwenye karatasi hizi.

Fomu ya kitanda 7 ilikuwa na majina matatu, namba ya faili, umri, wodi, na kwenye nafasi ya maelezo ya mgonjwa daktari aliandika kwamba anaandaliwa upasuaji asubuhi. Vipimo vilivyoombwa ni picha kamili ya damu na kundi la damu. Muda wa kuchukua sampuli: "4:30". Sahihi ya aliyechukua ipo.

Fomu ya kitanda 9 ilikuwa na majina mawili. Namba ya faili haikuwepo, kwa sababu wakati fomu inajazwa faili lilikuwa bado halijaletwa kutoka mapokezi. Nafasi ya maelezo ya mgonjwa ilikuwa tupu. Daktari alinieleza baadaye kwamba aliharakisha fomu ili mama apate damu mapema, na namwelewa. Vipimo: picha kamili ya damu, kundi la damu, na ulinganifu wa chupa mbili, yaani krosimachi. Muda wa kuchukua sampuli: "4:30".

Fomu mbili nyingine nazo ziliandikwa "4:30". Mwandiko ni mmoja, kalamu ni moja.

Tyubu zilikuwa za kifuniko cha zambarau, zenye EDTA inayozuia damu isigande. Kwenye tyubu mbili za akina mama hawa muuguzi aliandika jina la kwanza na la ukoo. Hakuandika jina la kati wala namba ya faili. Ukizishika mkononi, tyubu hizo mbili zilisomeka sawasawa, herufi kwa herufi. Kilichozitofautisha ni kwamba kila moja ilizungushiwa fomu yake na kufungwa kwa raba.

## Mambo yalivyofuatana

Muuguzi alianza kuchukua damu mnamo saa 4:10 usiku. Alipita vitanda vinne, akaweka tyubu kwenye trei, akarudi mezani, akaziandika zote na kujaza muda kwenye fomu zote kwa mkupuo. Mwanafunzi akazipeleka maabara.

Kaunta alikuwepo mpokeaji mmoja. Akafungua raba zote nne, akaweka tyubu kwenye raki na fomu kwenye rundo, akaanza kusajili. Kumbukumbu za mfumo zinaonyesha hivi:

```
22:58:40  REGISTERED   0417
23:00:15  REGISTERED   0418
23:01:50  REGISTERED   0419
23:03:21  REGISTERED   0420
23:04:10  LABEL PRINT  0417
23:04:12  LABEL PRINT  0418
23:04:14  LABEL PRINT  0419
23:04:16  LABEL PRINT  0420
```

Namba 0417 ni kitanda 7, na 0419 ni kitanda 9. Lebo nne zilitoka ndani ya sekunde sita, baada ya fomu zote kusajiliwa. Maana yake ni kwamba alizibandika zote pamoja mwishoni, tyubu zikiwa zimeshatengana na fomu zao.

Alipofika kwenye fomu ya kitanda 9 mfumo ulimzuia. Sehemu ya namba ya faili ni ya lazima, na bila kuijaza ukurasa haufungi. Akatafuta kwa jina, yakaja majina mengi yanayofanana. Akabonyeza "mgonjwa mpya", mfumo ukatengeneza namba ya muda, akaendelea. Kwa hatua hiyo moja mama wa kitanda 9 akawa mtu ambaye hajawahi kupimwa hospitalini kwetu, na historia yake ya kundi B na wingi wa damu 8.9 ikabaki kwenye rekodi nyingine ambayo hakuna aliyeifungua.

Kwenye muda wa kuchukua sampuli, akaandika kile alichokiona: 4:30. Mfumo unatumia saa 24, kwa hiyo ukaelewa 04:30, yaani saa kumi na nusu alfajiri. Kwa kuwa 04:30 inatangulia 22:58 ya siku ile ile, mfumo haukuona tatizo ukapokea.

Saa 5:22 usiku majibu ya picha kamili ya damu yaliidhinishwa. Kitanda 7: wingi wa damu 6.0. Kitanda 9: 11.3. Mteknolojia wa zamu aliona 6.0 ni ya hatari, akapiga simu wodini mara moja kama utaratibu unavyotaka, na muuguzi akamsomea tena jibu kuthibitisha. Hapo kila mtu alifuata utaratibu kwa usahihi, juu ya damu ambayo haikuwa ya mama huyo.

Daktari alipopata majibu aliagiza chupa mbili za damu kwa kitanda 7, zikilinganishwa na tyubu ile ile iliyoko maabara. Kwa kitanda 9 akasema damu inaweza kusubiri kidogo, maana 11.3 si mbaya. Mkunga hakuridhika. Alimwambia daktari kwamba viganja vya yule mama ni vyeupe na macho ndani hayana rangi. Daktari akarudi kumwangalia tena.

## Kilichosimamisha chupa

Mteknolojia wa chumba cha benki ya damu alichukua tyubu ya 0417, akaiskani, na kabla ya kuanza akaona mfumo umeweka alama kando ya namba: tangu sampuli ichukuliwe hadi ipokelewe zimepita saa 18. Hilo lilimshangaza. Sampuli ya EDTA ya saa 18 bado ingeweza kutumika kwa kundi na krosimachi. Ila ilimwia vigumu kuamini kwamba damu iliyochukuliwa alfajiri imekaa wodini mpaka usiku, na agizo lenyewe limekuja sasa hivi.

Akainuka kwenda kaunta kutafuta fomu ya karatasi. Akaona "4:30", na kwa sababu ni Mswahili akaelewa papo hapo kwamba ni saa nne na nusu usiku. Angeweza kuishia hapo, akarekebisha saa na kuendelea. Lakini fomu nyingine tatu zilikuwa juu ya ile, na zote zilisema saa ile ile. Aliniambia: "Nikajiuliza, sista mmoja anachomaje watu wanne kwa dakika moja?"

Aliporudi alifungua historia ya mgonjwa kwa namba ya faili kabla ya kugusa dawa za kupimia kundi. Ikatokea O chanya ya wiki mbili zilizopita. Akapima tyubu iliyo mbele yake. Ilishikana na anti-B, haikushikana na anti-A. Kundi B. Akarudia, ikatoka vilevile.

Mtu habadiliki kundi la damu ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo ama kundi la kliniki lilikosewa, ama tyubu hii si ya mama wa kitanda 7. Hapo akafanya jambo ambalo nalipenda sana katika kisa kizima. Aliangalia MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Kliniki ilikuwa 89. Usiku ule, kwenye tyubu hii, ilikuwa 71.

Wingi wa damu unaweza kushuka kutoka 11 hadi 6 kwa siku moja mtu akivuja damu. Chembe zinabaki chache, lakini zinazobaki ni zilezile kwa ukubwa. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na kupungua kwa ukubwa wake kunakoletwa na upungufu wa madini ya chuma huja polepole, kwa wiki na miezi. Kutoka 89 hadi 71 ndani ya wiki mbili, bila kuongezewa damu ya mtu mwingine, hakuna maelezo yanayokubalika isipokuwa kwamba hii ni damu ya mtu mwingine. Kundi peke yake lingeweza kubishaniwa. Vipimo viwili visivyotegemeana vikisema jambo moja, ubishi unaisha.

Akapiga simu wodini. Mazungumzo haya nimeyapata kwa wote wawili, na wanakubaliana.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Damu tayari?"

"Hapana. Damu ya mama wa kitanda saba sitoi kwanza. Kundi limekuja B, na kliniki alikuwa O. Naomba uchukue sampuli nyingine, zote nne."

"Zote nne? Jamani, mwanangu, mmoja huyu anavuja damu!"

"Najua, sista. Huyo ndiye ninayemhofia zaidi."

Kimya kidogo. Kisha muuguzi akasema: "Hawa wawili majina yanafanana. Basi si mbadilishe tu hizo lebo, ya saba iende tisa na ya tisa iende saba?"

"Sista, nikibadilisha nitakuwa nakisia. Na nikikisia vibaya namuua mtu."

## Maamuzi na sababu zake

Kutobadilisha lebo ndiyo hoja ambayo watu wa wodini huniuliza zaidi kuhusu kisa hiki. Ilionekana wazi kwamba hizi mbili zimepishana. Kwa nini wamchome tena mama anayevuja damu?

Kwa sababu kilichojulikana ni kimoja tu, kwamba tyubu ya 0417 haikuwa ya kitanda 7. Ni ya nani, hilo halikujulikana. Trei ilikuwa na tyubu nne. Kitanda 9 kilikuwa na uwezekano mkubwa, lakini historia yake ilikuwa imepotelea kwenye rekodi ya "mgonjwa mpya", na hakukuwa na kitu cha kuthibitishia. Nilipobandua lebo za msimbopau asubuhi yake kutazama mwandiko wa chini, nilikuta majina mawili yaleyale kwenye tyubu zote mbili. Hazikuwa na ushahidi wowote wa kurudia. Lebo mpya ingekuwa dhana iliyochapwa vizuri.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuzikataa zote nne. Tyubu za vitanda viwili vingine hazikuwa na dosari iliyoonekana, ila ziliandikwa meza ile ile, kwa mkupuo ule ule. Kwenye mfumo zikawekewa hali ya kukataliwa, na sababu ikaandikwa kwa maneno kamili: utambulisho hauna uhakika, ziliandikiwa mbali na kitanda. Ningetaka kila anayekataa sampuli aandike hivyo. "Lebo mbaya" haimsaidii anayefuatilia kesho.

Hapa niseme jambo kwa mabano ya mawazo. Kukataa kunawezekana pale sampuli inapoweza kuchukuliwa tena. Maji ya uti wa mgongo ya mtoto mchanga, au kipande cha nyama kilichokatwa chumba cha upasuaji, hayachukuliki tena kirahisi. Kwa hizo tunamwita aliyechukua aje maabara mwenyewe, aitambue, asaini jina na saa, na jibu litoke na maelezo kwamba utambulisho ulithibitishwa baadaye. Anayeandika lebo ni yeye aliyechukua. Sisi maabara hatuandiki. Damu ya kundi haimo katika ruhusa hiyo.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa daktari. Chupa moja ya O hasi kwenye jokofu la benki ya damu iliwekwa kando tayari kwa kitanda 9, itoke bila kusubiri krosimachi iwapo presha ingeshuka. Mapigo yake yalikuwa yanakwenda mbio lakini presha ilishikilia, kwa hiyo alibaki kwenye dripu, mkunga akiwa kando yake.

## Matokeo

Sampuli mpya zilichukuliwa kuanzia saa 6:05 usiku. Safari hii muuguzi alikwenda na kalamu na tyubu za mtu mmoja tu kwa wakati mmoja. Alimaliza kuandika akiwa bado amesimama kitandani, kisha ndipo akaenda kwa mwingine.

Kitanda 7: wingi wa damu 11.0, MCV 89, kundi O chanya. Kitanda 9: wingi wa damu 5.8, MCV 71, kundi B chanya. Vitanda vingine viwili majibu yao yalilingana na ya mwanzo.

Saa 7:15 usiku mama wa kitanda 9 alianza kupokea chupa ya kwanza ya kundi B. Alichelewa kwa zaidi ya saa moja, na kuchelewa huko ni madhara halisi, hata kama alipona. Mama wa kitanda 7 hakuongezewa damu kabisa. Angewekewa chupa ya kundi B yeye akiwa O, kinga iliyomo mwilini mwake tangu utotoni ingezishambulia chembe hizo tangu mililita za kwanza: homa, maumivu ya kiuno, mkojo mwekundu, figo kuzimika, presha kuanguka. Watu hufa kwa hilo. Asubuhi alijifungua kwa upasuaji kama ilivyopangwa.

Majibu ya mwanzo hayakufutwa kwenye mfumo. Yalibatilishwa, yakabaki yanaonekana yamekatwa mstari, na ripoti mpya ikatoka ikieleza kwamba inachukua nafasi ya ile ya saa 5:22. Daktari alipigiwa simu kuhusu kila moja.

## Uchambuzi

Zilipishania wapi? Hatukupata jibu. Inawezekana ni mezani wodini, wakati tyubu nne zisizo na maandishi zilipokuwa kwenye trei. Inawezekana ni kaunta, wakati tyubu mbili zenye maandishi sawa zilipokuwa kwenye raki na lebo nne mkononi. Mfumo unaweza kuniambia nani alibonyeza nini, kwenye kompyuta ipi, sekunde ipi. Hauwezi kuniambia lebo ilitua kwenye damu ya nani. Tangu saa 5:04 usiku ulifuatilia lebo ya 0417 bila kuipoteza hata mara moja: kaunta, mashine, benki ya damu. Lebo ilifika salama kila mahali ikiwa imebandikwa kwenye damu ya mtu mwingine. Uhusiano kati ya damu na jina hufungwa mara moja, pale kitandani, na kila kinachofuata kinabeba tu kile kilichofungwa.

Ndiyo maana kosa la wodini na kosa la kaunta nayaona ni kosa moja, la kutenganisha vitu vinavyopaswa kukaa pamoja halafu kuviunganisha kwa mkupuo. Muuguzi alitenganisha tyubu na mgonjwa. Mpokeaji alitenganisha tyubu na fomu. Wote walifanya hivyo ili kuokoa muda, na wote walikuwa peke yao. Kaunta tumebadilisha: fungua raba moja, sajili moja, chapa moja, bandika, linganisha jina la lebo na mwandiko wa tyubu, ndipo ufungue nyingine. Mfumo sasa unachapa lebo pale pale usajili unapofungwa, na kitufe cha kuchapa nyingi pamoja kimeondolewa kwa watumiaji wa kaunta. Lebo inabandikwa wima ili skana isome mistari, na ukanda wenye mwandiko wa muuguzi unaachwa wazi. Lebo iliyofunika mwandiko imefunika ushahidi pekee uliotoka kitandani.

Wodini, tyubu yenye majina pungufu ya matatu au isiyo na namba ya faili hatuipokei kwa kundi la damu, hata kama fomu imejazwa vizuri. Muuguzi mwenyewe alipendekeza jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Alisema tatizo lingine ni namna wanavyouliza. Ukimuuliza mama "Wewe ndiye fulani?" atajibu "ndiyo", kwa heshima, kwa uchovu, au kwa kuwa hakusikia. Sasa wanasema, "Naomba unitajie majina yako matatu," na mama anataja mwenyewe huku muuguzi akifuata kwenye fomu kwa kidole. Usiku ule, jina la baba ndilo lililokuwa tofauti pekee kati ya wale wawili, na swali la "wewe ndiye fulani" halilifikii.

Kuhusu "4:30", nimejifunza kwamba namba isiyo na "usiku" au "asubuhi" kwenye fomu zetu ni taarifa nusu. Wodini tunasema saa kwa Kiswahili na kompyuta inasoma saa kwa namna yake. Usiku ule kosa hili lilitusaidia kwa bahati, kwa sababu lilimfanya mteknolojia ainuke kwenye kiti. Siku nyingine lingedhuru: sampuli ya potasiamu ya saa nne na nusu usiku, ikisomeka ni ya alfajiri, itakataliwa bure kwa madai kwamba chembe zimeshavujisha potasiamu. Au kinyume chake, ya zamani kweli ikasomeka ni mpya, na potasiamu ya uongo ikatoka kama jibu. Fomu mpya ina nafasi ya saa na kando yake maneno asubuhi, mchana, jioni, usiku ya kuzungushia duara. Anayesajili anaigeuza kuwa saa ya mfumo wa saa 24, kwa mfano 4:30 usiku inakuwa 22:30, na mfumo unamuuliza tena endapo muda kati ya kuchukua na kupokea unazidi saa 4.

Halafu ile sehemu ya lazima ya namba ya faili. Iliwekwa kwa nia njema, ili fomu zisije bila namba. Usiku wa manane, mbele ya mtu aliye peke yake na mgonjwa anayevuja damu, ilizaa namba ya kubuni. Rekodi ya pili ya mama wa kitanda 9 ilikata historia yake. Kama fomu yake ingekuwa na namba ya faili, mfumo ungeweka kundi O la usiku ule kando ya kundi B la wiki tatu nyuma, na wingi wa damu 11.3 kando ya 8.9 kwa mama anayetoka damu. Kosa lingeonekana pande zote mbili. Lilionekana upande mmoja tu, upande wa fomu iliyojazwa vizuri. Sasa mpokeaji ana chaguo la tatu: "utambulisho unasubiriwa". Sampuli inapokelewa, kazi inaanza, lakini kundi la damu haliidhinishwi mpaka wodi ipigiwe simu na namba ya faili ipatikane.

Nafasi tupu ya maelezo ya mgonjwa nayo ilichangia. Mteknolojia wa hematolojia alipoona 11.3 hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Kama ingeandikwa "anatoka damu, amepauka", angesita. Na upande wa kitanda 7, maelezo yalikuwepo lakini hayakusomwa: wingi wa damu 6.0 kwa mama mwenye afya anayesubiri upasuaji wa kupangwa lilikuwa jibu la kuuliza kabla ya kupiga simu. Kipengele cha mfumo cha kulinganisha jibu jipya na la zamani kilikuwepo siku zote, ila kilikuwa kimezimwa kwa sababu kilitoa alama nyingi mno wakati wa majaribio. Tumekiwasha kwa MCV peke yake, ambayo kwa mtu mmoja haiyumbi ovyo.

Na kwa damu ya kuongezewa, kundi la mgonjwa ambaye hana historia kwetu linathibitishwa kwa sampuli mbili zilizochukuliwa nyakati tofauti. Kati ya hapo, akihitaji damu kabla ya ya pili kufika, anapewa O. Hili linatugharimu. O hasi ni adimu, na kuna usiku tunayo chupa moja tu.

Lililobaki ni rekodi mbili za mama wa kitanda 9. Kuziunganisha ni kazi ninayoifanya mimi peke yangu kwenye mfumo, baada ya kulinganisha tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu na jina la baba, kwa sababu kuunganisha watu wawili tofauti ni kosa baya kuliko lile la kumgawa mmoja. Nilisubiri mpaka faili lake likaletwa, nikaenda wodini, nikamwomba anitajie majina yake matatu. Aliyataja akiwa amempakata mwanawe, nami nikafuata kwa kidole.